Si lazima chungu king'ae: Ukitaka kufinyanga vyombo vya chakula Liboi, anza na udongo, malizia na glezi

Katika nyumba nyingi za Liboi, mji wa mpakani katika Kaunti ya Garissa, kuna chombo cha udongo ambacho hakijui chakula. Ni dabqaad, chetezo cha kufukizia uunsi. Kazi yake ni kubeba makaa na kutoa harufu nzuri sebuleni. Kikipasuka, unanunua kingine na maisha yanaendelea.

Sasa tuseme wewe na wenzako wawili mmeona dili. Mnataka kufinyanga vitu vinavyokaa na chakula: mtungi wa maji baridi, chungu cha kupikia, bakuli la susa, kikombe cha shaah. Hapo mchezo unabadilika. Chetezo kibovu kinamtia mteja hasara ya shilingi chache. Bakuli bovu linaweza kumlisha mtoto wake sumu kwa miaka miwili bila mtu yeyote nyumbani kujua.

Kwa hivyo tuongee mambo matatu kwa utaratibu: udongo gani ufanye kazi gani, kwa nini vyombo hupasuka motoni, na ile glezi inayong'aa ina nini ndani yake. Glezi ni tabaka jembamba la kioo linaloyeyushiwa juu ya udongo. Wengi huanza na hiyo kwa sababu ndiyo inayovutia macho. Sisi tutaimalizia.

Kila kazi na udongo wake

Hakuna udongo mmoja unaofaa kila chombo. Mtungi wa maji unataka udongo wenye vitundu vidogo vingi. Maji hupenya polepole hadi nje, joto la Liboi huyakausha, na yanapokauka huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Ndiyo maana mtungi hupoza bila stima. Ukiupaka glezi nje na ndani umeziba vitundu hivyo, na sasa una ndoo nzito tu.

Chungu cha kupikia nacho kinataka vitundu, lakini kwa sababu nyingine. Kitako kikiwa kwenye moto na mdomo ukiwa kwenye upepo, sehemu moja hutanuka kuliko nyingine. Udongo uliochanganywa na chembechembe kubwa na uliochomwa kwa moto wa wastani huvumilia mvutano huo. Ufa mdogo ukianza, hukutana na kitundu au chembe na kuishia hapo. Udongo laini uliochomwa hadi ukabana kama kioo hauna pa kuusimamishia ufa. Ukianza, unakwenda hadi mwisho.

Bakuli na kikombe ndivyo vigumu zaidi. Hapa hutaki vitundu, kwa sababu maziwa na mafuta yakiingia ndani hayatoki, na baada ya wiki chombo kinanuka. Unahitaji ama udongo unaobana wenyewe kwa moto mkali wa nyuzi 1,200 za Selsiasi kwenda juu, au udongo wa moto wa chini uliofunikwa glezi salama.

Mgawanyo huu si mpya. Wanaakiolojia waliochimba Shanga, kisiwani Pate, walikuta vyungu vya kienyeji visivyo na glezi, vya aina waliyoiita ufinyanzi wa Tana kwa jina la mto huohuo unaopita Garissa. Pamoja navyo walikuta vipande vya vyombo vya glezi vilivyoletwa kwa jahazi kutoka Ghuba. Watu wa pwani walikuwa na vyote viwili zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na cha kupikia kilibaki bila glezi. Upande wa Somalia pia, mtungi wa maji uitwao ashuun ni udongo mtupu.

Udongo wa Liboi una tabia zake

Liboi iko kwenye tambarare kame, karibu na Lagha Dera, bonde la mto wa msimu linaloelekea Somalia. Udongo wa mabonde kama haya huwa na mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, huvimba sana ukilowa na kusinyaa sana ukikauka. Umeuona mwenyewe: baada ya mvua ni ulimbo unaong'ang'ania tairi, na mwezi mmoja baadaye ni nyufa unazoweza kuingiza mkono. Pili, katika maeneo kame mara nyingi kuna vijiwe vya chokaa ndani yake, vingine vidogo kama punje ya mtama.

Usianze kufinyanga kabla ya kuupima. Huhitaji maabara. Kausha udongo, uponde, uloweke kwenye ndoo hadi uwe kama uji, kisha uchuje kwa chujio la chai. Uache utulie, umwage maji ya juu, uanike juu ya kitambaa hadi ushikike kama unga wa chapati. Kama una maji ya mvua, tumia hayo. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukungu mweupe juu ya chombo kikikauka, na ukungu huo huharibu glezi baadaye.

Sasa tengeneza kijiti bapa, chora juu yake mstari wa sentimita 10 kamili, kisha ukiache kivulini kikauke kabisa. Pima tena mstari ule. Tuseme sasa una sentimita 8.7. Umepoteza sentimita 1.3 kati ya 10, yaani asilimia 13. Huo ni mwingi mno. Udongo mzuri wa kufinyangia husinyaa kati ya asilimia 5 na 8 hivi unapokauka. Ukitengeneza mtungi kwa udongo wa asilimia 13, mdomo utakauka na kusinyaa wakati kitako bado kina maji, na utapasuka kivulini kabla hata hujauona moto.

Dawa yake ni kuuchanganya na kitu kisichosinyaa. Mchanga ni wa bei rahisi, lakini dawa bora kwa chungu cha kupikia ni gae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika. Saga vigae hivyo hadi viwe kama sukari ya mezani, kisha chukua kilo 1 ya unga huo kwa kila kilo 3 za udongo mkavu. Gae limeshachomwa, kwa hivyo halisinyai tena, na kwa kuwa limetokana na udongo, hutanuka kwa joto karibu sawa na ukuta unaolizunguka. Mchanga hutanuka zaidi na huvuta ukuta kila unapopika. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Kumbe gae hilohilo ndilo linalookoa chungu kinachofuata.

Rudia kijiti. Kikitoka na sentimita 9.2, umeshuka hadi asilimia 8 na unaweza kuendelea. Kama bado, ongeza gae kidogo, lakini angalia: ukizidisha, udongo hauvutiki tena, unakatika ukiukunja kidoleni.

Kisha tafuta chokaa. Weka kipande cha udongo mkavu kwenye kifuniko, kidondoshee siki au maji ya ndimu, usikilize na kutazama. Kikitoa mapovu, kuna chokaa. Chokaa iliyosagika laini kama poda haitakusumbua sana. Shida ni ile ya vijiwe. Chombo kikichomwa kufikia nyuzi 800 na zaidi, kijiwe hugeuka chokaa hai, ileile ya waashi. Chombo kinatoka kizuri, unakipiga picha, unakiuza. Baada ya siku chache chokaa hai inanyonya unyevu wa hewa, inavimba, na kipande chenye umbo la faneli kinaruka ukutani. Ukichungulia kwenye shimo utaona doa jeupe. Doa hilo ndilo shahidi wako. Usilaumu moto, rudi kwenye chujio. Na kama vijiwe ni vingi hata baada ya kuchuja, hama shimo. Mita 200 tu kando unaweza kupata udongo tofauti.

Kwa nini chombo kinapasuka motoni

Hapa ndipo vijana wengi hukata tamaa. Umefinyanga vyombo 20, umechoma usiku kucha, umefungua tanuri, na 12 ni vigae. Habari njema ni kwamba kila ufa una sahihi yake. Ukijua kuisoma, unajua ulikosea saa ngapi.

Kosa la kwanza hutokea mapema. Chombo kinachoonekana kikavu bado kina maji ndani ya ukuta. Yakifika nyuzi 100 huwa mvuke, na kama moto umepanda haraka mvuke hukosa njia. Utasikia mlio kama bunda la fataki, na utakuta chombo kimekuwa vipande vidogo vidogo, si kimegawanyika mara mbili. Huo si udongo mbaya, ni haraka yako. Kausha vyombo kivulini wiki moja au zaidi, kisha kwa saa kadhaa za mwanzo weka moto mdogo wa kufuka tu. Kabla ya kuongeza kuni, shikilia kioo kidogo au kisu baridi karibu na tundu la juu la tanuri. Kikipata umande, mvuke bado unatoka. Subiri.

Kosa la pili liko katikati. Kati ya nyuzi 450 na 600 hivi udongo hutoa maji mengine, yale yaliyojengwa ndani ya chembe zake zenyewe. Hapo ndipo huacha kuwa udongo na kuwa chombo, na haurudi tena kuwa tope hata ukiuloweka mwaka mzima. Katika kipindi hichohicho, kwenye nyuzi 573, chembe za kwatzi zilizo ndani ya mchanga hutanuka ghafla. Zikipoa na kupita joto hilo tena, hunywea ghafla. Kwa hivyo eneo hili lipitie taratibu mara mbili, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka.

Kosa la tatu ni la mwisho, na ndilo linalouma zaidi kwa sababu kazi imeshaisha. Mtu anataka kuona. Anafungua tanuri likiwa bado jekundu, upepo wa Liboi unaingia, na unasikia mlio mkavu mmoja. Chombo kimegawanyika kwa mstari safi. Kanuni ni rahisi: kama huwezi kushika chombo kwa mkono mtupu, tanuri lisifunguliwe.

Utajuaje ufa ulitokea wakati wa kupanda au wa kupoa? Kama chombo kina glezi, tazama ukingo wa glezi kwenye ufa. Ukingo ukiwa mviringo, laini, kama mate yaliyokauka, ufa ulikuwapo kabla glezi haijayeyuka. Ukingo ukiwa mkali unaoweza kukukata kidole, ufa ulitokea wakati wa kupoa. Kama ni ufa wa mdomo ulio mpana juu na kwisha chini, mdomo ulikauka haraka, na siku nyingine uufunike kwa plastiki ili kitako kiufikie. Kama ni ufa wenye umbo la S katikati ya kitako, hukukandamiza kitako vya kutosha ulipokuwa ukifinyanga.

Kuhusu kuni, Garissa ina mathenge kwa wingi na huwaka vizuri. Lakini jua mipaka ya moto wa wazi, yaani vyombo vilivyopangwa ardhini na kufunikwa kuni. Huo hufika nyuzi 600 hadi 900 hivi, na hauko sawa pande zote. Unatosha mtungi na chungu. Hautoshi glezi salama. Kumbuka sentensi hiyo, kwa maana mtego unaofuata umejengwa juu yake.

Mtego wa risasi

Tuseme umechoka na mitungi isiyong'aa. Umeona bakuli za rangi ya kijani na njano kwenye simu, unataka zako. Tatizo ni kwamba mchanga, ambao ndio moyo wa kioo, unahitaji zaidi ya nyuzi 1,700 ili uyeyuke. Lazima uongezwe kitu cha kuushusha. Kwa karne nyingi duniani, kitu hicho kilikuwa risasi.

Hatuzungumzii risasi ya bunduki, bali madini ya risasi, yale yaliyo ndani ya betri ya gari. Oksidi ya risasi huyeyuka chini ya nyuzi 900, husambaa vizuri, hung'aa kama maji, na husamehe makosa ya moto. Ndiyo maana mafundi waliipenda. Meksiko, ufinyanzi wa glezi ya risasi uliingia na Wahispania katika karne ya 16, na hadi leo maafisa wa afya huko wanahangaika na watoto wenye risasi katika damu kwa sababu ya vyungu vya nyumbani.

Kwa nini risasi inatoka kwenye chungu hadi kwenye mwili? Glezi iliyochomwa vizuri, yenye mchanga wa kutosha, huishika risasi ndani ya kioo. Lakini ukiichoma kwa moto dhaifu, au ukiweka risasi nyingi kuliko mchanga, kioo hakijakamilika. Kikikutana na asidi, huiachia. Na asidi si kitu cha maabara. Ni ndimu, ni ukwaju, ni nyanya, ni siki, ni bisbaas, ni susa iliyochacha ndani ya bakuli usiku mzima. Ukiongeza shaba kwenye glezi hiyo ili upate kijani kizuri, umezidisha uvujaji. Yaani ile kijani inayouza ndiyo inayotia wasiwasi zaidi.

Mteja hataonja wala kunusa chochote. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutoka kwa kiasi kilekile alichokula. Huathiri ubongo unaokua, na madhara hayo hayarudi nyuma. Kwa mama mjamzito, risasi hupita hadi kwa mtoto tumboni.

Kenya inajua jambo hili kwa uchungu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichafua makazi ya watu, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Sumu ile ilitoka kwa betri za kawaida za magari. Kwa hivyo ukisikia mtu akikuambia kuwa unaweza kusaga bamba za betri kuukuu, uchanganye na mchanga, upake, uchome, na itang'aa, amekwambia kweli kuhusu kung'aa. Lakini vumbi utalivuta wewe kwanza, moshi utawafikia majirani, na tanuri lenyewe litabaki na risasi kiasi cha kuchafua vyombo safi utakavyochoma baadaye. Mwisho wa foleni ni mteja na bakuli lake.

Vilevile usinunue poda ya glezi isiyo na lebo kwa sababu ni ya bei nafuu. Muuzaji asipoweza kukuonyesha kwa maandishi iliyomo ndani, na kwamba haina risasi wala kadimiamu, iache mezani. Kadimiamu ndiyo hutumika sana kwa nyekundu na machungwa kali, nayo ni sumu pia.

Ukitaka glezi kwa njia halali

Njia ipo, ila inadai nidhamu. Badala ya risasi, tumia friti ya boroni. Friti ni kioo kilichoyeyushwa kiwandani, kikapozwa na kusagwa kuwa poda. Boroni hushusha joto la kuyeyuka kama risasi ilivyofanya, bila sumu ile. Mchanganyiko wa kuanzia ni mwepesi kukumbuka: sehemu 85 za friti na sehemu 15 za kaolini kwa uzito. Kaolini huifanya glezi ing'ang'anie chombo na isizame yote chini ya ndoo. Kwa gramu 1,000 za poda, hizo ni gramu 850 na gramu 150. Ongeza maji hadi iwe nzito kama maziwa ya mgando yaliyokorogwa, ichuje, kisha ichovye kwenye chombo kilichokwisha kuchomwa mara moja.

Mchanganyiko huu unaiva karibu na nyuzi 1,060. Hapo moto wa wazi hauna kazi. Unahitaji tanuri lenye kuta na bomba la kuvuta hewa, na unahitaji koni, vile vijiti vidogo vya udongo maalumu vinavyoinama joto likifika. Usibahatishe kwa macho. Rangi ya moto hukwambia kwa makadirio tu: nyekundu ya cheri ni kama 750 hadi 800, machungwa ni kama 950 hadi 1,000. Kosa la nyuzi 60 linatosha kukuachia glezi isiyoiva. Koni namba 04 ikiinama, umefika.

Kisha kuna ndoa ya glezi na udongo. Vyote viwili hunywea vikipoa. Glezi ikinywea kuliko udongo, hukatika nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Kwenye chombo cha maua ni pambo. Kwenye bakuli ni njia ya maziwa kuingia na kuozea humo. Jaribu hivi: jaza wino au chai nzito, acha saa moja, suuza. Mistari ikionekana, bakuli hilo si la chakula. Hapa chokaa iliyosagika laini, yule adui wa awali, inaweza kukusaidia, maana udongo wenye chokaa laini uliochomwa zaidi ya nyuzi 1,000 hunywea zaidi na kuilingana glezi vizuri. Laini, narudia. Si vijiwe.

Mwishowe, pima. Weka kipande cha ndimu juu ya glezi usiku mzima. Asubuhi rangi ikiwa imefifia au mng'ao umekufa, glezi ni dhaifu, usiuze. Lakini ikibaki vilevile, hujathibitisha chochote kuhusu risasi. Kipimo cha kweli ni cha maabara: chombo hujazwa asidi ya siki ya asilimia 4, huachwa saa 24, kisha maji hayo hupimwa risasi na kadimiamu. Kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 6486, kikombe hakiruhusiwi kuachia zaidi ya miligramu 0.5 za risasi kwa lita. Kabla ya kuuza hata kikombe kimoja, ulizia kipimo hicho katika Shirika la Viwango nchini (KEBS) na upeleke sampuli kutoka kila mchanganyiko mpya. Ukibadilisha friti, udongo au joto, hicho ni chombo kingine, kipimwe upya.

Na hata ikifaulu, bakuli lako la glezi ni la kupakulia. Usimruhusu mteja aliweke jikoni juu ya makaa. Mwambie wazi unapomuuzia, kabla hajalipasua na kukurudia.

Kwa hivyo uanze na nini?

Ukiniuliza, kwa mtu anayeanzia Liboi na moto wa mathenge, jibu ni mtungi na chungu visivyo na glezi. Udongo uko chini ya miguu yako, gae ni la bure, na moto ulio nao unatosha. Ukitaka uzuri, subiri chombo kianze kukauka, hadi kiwe kigumu kama ngozi, kisha kisugue kwa kijiwe laini cha mtoni. Kitang'aa kwa mng'ao wa udongo wenyewe, bila kuongeza chochote. Chungu kipya cha kupikia kichemshie uji mwepesi kabla ya kukitumia, ili wanga uzibe vitundu kiasi. Mtungi usiuzibe.

Ili kujua kama chombo chako ni cha maji au la, kipime uzito kikiwa kikavu, kiloweke usiku mzima, kifute, kipime tena. Kikiwa gramu 500 na sasa kimekuwa gramu 575, kimenyonya asilimia 15. Huo ni mtungi mzuri sana. Kwa kikombe cha maziwa, hapana.

Vikombe na bakuli vingoje hadi uwe na tanuri, koni, friti yenye karatasi, na matokeo ya maabara mkononi. Ukikosa kimojawapo kati ya hivyo vinne, achana na glezi. Mteja akikuuliza kwa nini mtungi wako haung'ai, mpe kikombe cha maji yaliyomo ndani, anywe kwanza.